Kupima wimbi la elektroni kwa rula: pete za grafiti, hatua kwa hatua

Zima taa za maabara, pandisha volteji taratibu, uangalie tumbo la chupa ya kioo. Kwanza hutokea doa la kijani katikati. Ukiendelea kupandisha, pete mbili hafifu hujitokeza kulizunguka, moja ndani ya nyingine, na kati yake kuna giza. Pete hizo zimechorwa na elektroni zilizopita kwenye utando mwembamba wa grafiti. Ukizipima kwa rula ya kawaida, utapata urefu wa wimbi la elektroni, ambao ni mdogo kuliko atomi yenyewe.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa kidato cha sita au wa mwaka wa kwanza chuoni aliyepata nafasi ya kuigusa chupa hiyo, au aliyepewa vipimo vyake avifanyie hesabu. Nimesimamia jaribio hili mara nyingi, na makosa yanayoliharibu ni machache tena ni yale yale. Nitayataja kila tunapoyafikia.

Kwanza, hesabu kabla ya swichi

Mwaka 1924 Louis de Broglie, katika tasnifu yake ya udaktari kule Paris, alidai kwamba kila kitu chenye mwendo kina wimbi lake, na kwamba urefu wa wimbi hilo ni namba ya Planck ukiigawa kwa momenta, yaani masi mara mwendokasi. Elektroni iliyosukumwa na volteji V hupata nishati ya mwendo eV, na kutoka kwenye nishati hiyo momenta hupatikana moja kwa moja. Ukiunganisha hayo mawili unapata hivi:

```
λ = h / √(2meV)
```

Namba ya Planck h, masi ya elektroni m na chaji yake e hazibadiliki, kwa hiyo hakuna haja ya kuzibonyeza kwenye kikokotoo kila mara. Zikokotoe mara moja tu, na mlinganyo unabaki mfupi:

```
λ = 1.226 / √V
```

Hapa λ iko kwa nanomita na V iko kwa volti. Chukua volti 4000. Kipeuo chake cha pili ni 63.25, na 1.226 ukiigawa kwa hiyo unapata nanomita 0.0194. Atomi moja ya kaboni na jirani yake ndani ya grafiti zimeachana kwa nanomita 0.142, kwa hiyo wimbi letu linaingia mara saba katika nafasi hiyo.

Makosa mawili ya kwanza hutokea hapa hapa. La kwanza ni kuweka 4 badala ya 4000 kwa sababu mita ya pawasaplai inaonyesha kilovolti. Utapata nanomita 0.613, wimbi kubwa kuliko nafasi za atomi, na baadaye kikokotoo kitakataa kukupa pembe kwa kuwa sini haizidi moja. La pili ni la watu wenye kumbukumbu nzuri ya somo la mwanga: wanachukua nishati na kuitumia kwenye mlinganyo wa fotoni, λ = hc/E, wanapata 0.31. Huo ni urefu wa wimbi la eksirei yenye nishati hiyo. Elektroni ina masi, na momenta yake kwa nishati ile ile ni kubwa zaidi, ndiyo maana wimbi lake ni fupi kwa mara 16 hivi.

Ifahamu chupa yako

Shingoni mwa chupa kuna bunduki ya elektroni: hita ndogo, kathodi inayotoa elektroni ikipashwa moto, na anodi inayozivuta kwa kilovolti kadhaa. Mbele ya anodi kuna wavu mdogo wa shaba uliobeba utando wa grafiti. Baada ya hapo ni ombwe tupu mpaka kwenye uso wa mbele wa chupa, uliopakwa dawa inayong'aa ikipigwa na elektroni. Umbali kutoka grafiti hadi uso huo, tutauita L, umeandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya chupa. Katika chupa nyingi za shule ni milimita 135. Usijaribu kuupima kwa kukisia kutoka nje.

Grafiti ile si fuwele moja. Ni vipande vidogo mno vya fuwele, kila kimoja kimelala upande wake. Jambo hili ndilo linaloamua kama utaona pete au madoa, na unaweza kulijaribu nyumbani kwa mtandio mwembamba wa shifoni na kalamu ya leza nyekundu. Pitisha leza kwenye kitambaa kilichonyooshwa, uiache ipige ukuta ulio mita nne mbele yako. Utaona msalaba wa vidoa, kwa sababu nyuzi za kitambaa zimepangika kwa mistari. Sasa zungusha kitambaa, na msalaba nao unazunguka. Ungeweza kuweka kwa pamoja maelfu ya vipande vya mtandio huo, kila kimoja kimegeuzwa kwa pembe yake, vidoa vingeungana kuwa pete. Hivyo ndivyo grafiti inavyofanya kwa elektroni. (Leza isielekezwe machoni mwa mtu, hata kwa utani.)

Pete ziko mbili kwa sababu atomi za kaboni zimejipanga kwa pembesita kama sega la nyuki, na ukilitazama sega utaona safu za aina mbili: zilizoachana kwa nanomita 0.213 na zilizobanana zaidi, kwa nanomita 0.123. Safu zilizobanana hutoa pete kubwa. Hilo huwachanganya wengi, lakini hata kwenye mtandio ni vivyo hivyo: kitambaa cha nyuzi zilizokaribiana hutawanya vidoa mbali zaidi.

Kuwasha

Washa hita peke yake, usubiri dakika moja. Volteji kubwa iwe sifuri wakati huo. Kisha panda polepole hadi volti 2500, macho yako yakiwa kwenye mita ya mkondo wa umeme na kwenye utando wa grafiti kwa zamu. Mkondo ukizidi kiwango kilichoandikwa kwenye maelezo ya chupa, mara nyingi miliampea 0.2, utando hupata moto. Ukiona grafiti inang'aa kwa wekundu, shusha volteji mara moja, kwa kuwa utando ukitoboka hakuna fundi wa kuurudisha. Nimewahi kuona chupa mpya ikimalizwa hivyo saa ya kwanza, kwa sababu kikundi kilitaka pete ziwe angavu zaidi wapate kupiga picha. Dawa ya pete hafifu ni pazia zito dirishani.

Waya za kilovolti usiziguse wala kuzibadilisha mashine ikiwa imewashwa. Na chupa yenyewe, kwa kuwa ndani ni ombwe, ikigongwa hupasuka kwa kishindo na kurusha vigae.

Kupima

Hapa ndipo jaribio hufa au hupona. Pete si mstari wa penseli. Ni mkanda wa mwanga wenye unene wa milimita mbili tatu, na kingo zake hufifia. Jicho hupenda kushika ukingo wa ndani kwa sababu ndio mkali. Usilifuate. Pima kipenyo kutoka ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani wa upande wa pili, kisha kutoka nje hadi nje, na uchukue wastani. Tumia kalipa ya plastiki au rula inayopinda uliyoigusisha kwenye kioo, jicho likiwa moja kwa moja mbele ya ncha unayoisoma. Fanya hivyo kwa mlalo na kwa wima.

Vipimo vya pete ya ndani, vilivyochukuliwa katikati ya mkanda, huwa kama hivi:

| Volteji V | √V | Kipenyo D (mm) | D × √V |
|---|---|---|---|
| 2500 | 50.0 | 31 | 1550 |
| 3000 | 54.8 | 28 | 1534 |
| 4000 | 63.2 | 24.5 | 1550 |
| 5000 | 70.7 | 22 | 1556 |

Itazame safu ya mwisho kwanza, kabla ya kukokotoa chochote. Volteji imepanda maradufu, kipenyo kimeshuka kwa zaidi ya robo, lakini zao lao limebaki pale pale. Kama wimbi hufuata 1/√V, na kipenyo hufuata wimbi, basi D mara √V lazima isibadilike. Hutetereka kidogo tu, kwa kuwa nusu milimita ya rula kwenye milimita 25 ni asilimia 2.

Sasa tuseme mwenzako alipima ukingo wa ndani peke yake, na kila kipenyo chake kimepungua milimita 1.5. Safu yake ya mwisho itasomeka 1475, 1451, 1455, 1450. Wastani ni mdogo, na namba ya volti 2500 iko juu ya zote. Ni haki iwe hivyo: kosa la milimita zile zile huumiza zaidi pete iliyo ndogo, na pete ni ndogo volteji ikiwa kubwa. Ukiona zao linashuka volteji inapopanda, rudi kwenye kingo kabla ya kulaumu mita.

Kutoka milimita hadi nanomita

Elektroni zilizopinda kwa pembe ndogo zikisafiri umbali L hupiga uso wa chupa mbali na katikati kwa kiasi kinachoendana na λ/d, ambapo d ni nafasi kati ya safu za atomi. Kipenyo ni mara mbili ya hicho:

```
D = 2Lλ / d
```

Una njia mbili. Ukitaka kumpima de Broglie, chukua d = 0.213, thamani ambayo inajulikana tayari kwa vipimo vya eksirei kwenye grafiti, na utafute λ kutoka kwenye kipenyo. Kwa volti 4000: 24.5 mara 0.213, gawa kwa 270, unapata nanomita 0.0193. Mlinganyo wake ulisema 0.0194. Rula imeleta namba moja, volteji imeleta nyingine, na hazikuonana njiani mpaka mwisho wa hesabu.

Njia ya pili ni kumwamini de Broglie na kuipima grafiti. Wastani wa safu ya mwisho ni 1547. Zidisha 270 kwa 1.226, unapata 331. Gawa kwa 1547, na d inakuwa nanomita 0.214. Kwa yule wa ukingo wa ndani ingekuwa 0.227, kosa la asilimia 6 au 7. Ila usitumie njia zote mbili kwa vipimo vile vile kisha uandike kwenye ripoti kwamba "zimethibitishana". Ni hesabu moja uliyoisoma kushoto na kulia.

Kwa nini isiwe risasi tu?

Swali hili huulizwa na mwanafunzi mmoja katika kila kikundi, na ndilo swali zuri kuliko yote. Mwalimu, huenda elektroni ni vijipira tu vinavyogonga atomi na kutapakaa. Volteji ikipanda vinakwenda kasi, vinapindishwa kidogo, pete inapungua. Mbona wimbi?

Jibu la kwanza ni lile giza kati ya pete. Vijipira vinavyogonga atomi ovyo vingetapakaza ukungu, mwangavu katikati na kufifia kuelekea nje. Havingekuwa na sababu ya kukwepa sehemu moja na kurundikana nyingine.

Jibu la pili lina nguvu zaidi, na liko kwenye jedwali. Chembe yenye chaji inayopita karibu na kiini cha atomi hupindishwa, na kwa pembe ndogo kiasi cha kupinda hupungua kwa uwiano wa nishati yake, yaani 1/V. Volteji ikipanda maradufu, pembe inapungua kuwa nusu. Kwa hiyo kwa risasi, milimita 31 za volti 2500 zingekuwa 15.5 kwa volti 5000. Sisi tumesoma 22. Gawa 31 kwa 22: unapata 1.41, ambayo ni kipeuo cha pili cha 2. Kipeuo kile kinatoka kwenye momenta, na momenta imeingia humu kwa mlango mmoja tu, ule wa λ = h/p. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wasiandike "tuliona pete, kwa hiyo elektroni ni wimbi". Ushahidi hasa ni jinsi pete zinavyosinyaa.

Anabaki mbishi wa mwisho, anayesema kinachong'aa ni eksirei iliyozaliwa ndani ya chupa. Mpe sumaku. Isogeze karibu na chupa: doa la katikati linahama, na pete zinahama pamoja nalo. Eksirei haijali sumaku. George Paget Thomson, kule Aberdeen, alitumia sumaku kwa sababu hiyo hiyo mwaka 1927, alipopitisha elektroni kwenye tando nyembamba na kupata pete kama hizi.

Mwaka huo huo, New York, Clinton Davisson na Lester Germer walipata madoa badala ya pete, na hadithi yao inarudi kwenye mtandio wetu. Walikuwa wakirusha elektroni kwenye kipande cha nikeli chenye vijifuwele vingi. Mwaka 1925 chupa ya hewa kimiminika ililipuka, hewa ikaingia ndani ya kifaa chao, nikeli ikapata kutu. Waliipasha moto muda mrefu kuisafisha, na bila kujua vijifuwele vikaungana kuwa fuwele kubwa chache. Waliporudia kupima, elektroni zilitoka kwa pembe maalumu. Baadaye, kwa fuwele moja na volti 54, kilele kilikuwa kwenye nyuzi 50. Safu za atomi juu ya nikeli zimeachana kwa nanomita 0.215, zidisha kwa sini ya 50, unapata 0.165. Weka 54 kwenye mlinganyo wetu mfupi, unapata 0.167.

Pete ya nje, na pale mlinganyo unapochoka

Gawa kipenyo cha pete ya nje kwa cha ndani. Kwa sega la pembesita jibu ni kipeuo cha 3, yaani 1.73, kwa volteji yoyote, na huhitaji kujua L wala V. Kwenye chupa utasoma kama milimita 42 kwa 24.5 kwenye volti 4000, sawa na 1.71. Kwenye volti 2500 utasoma 52.5 kwa 31, ambayo ni 1.69. Uwiano unateleza kadiri pete zinavyokua, na rula haina kosa. Uso wa chupa ni mviringo: milimita 26 kutoka katikati, kioo kimerudi nyuma kuelekea grafiti kwa milimita 5 hivi, na elektroni zinagonga kabla hazijamaliza kutawanyika. Kwa pete kubwa weka kando mlinganyo wa pembe ndogo, utumie huu, ambapo α ni pembe ambayo elektroni zimepinda, r ni nusu kipenyo na s ni kiasi ambacho kioo kimerudi nyuma:

```
tan α = r / (L − s)
λ = 2d sin(α/2)
```

Kwa volti 2500, r ni 26.25 na L − s ni 129.6. α inakuwa nyuzi 11.4, na d inatoka 0.123, pale pale inapotakiwa. Kwa mlinganyo wa mkato ingetoka 0.126.

Kuhusu kasi: kwa volti 4000 elektroni inakwenda kilomita 37,500 hivi kwa sekunde, asilimia 12 au 13 ya kasi ya mwanga. Watu hushtuka na kutaka kuingiza nadharia ya Einstein. Kwenye volti 5000 sahihisho lake kwa λ ni kama robo ya asilimia moja, rula yako haitaliona kamwe, liache. Lakini usiubebe mlinganyo mfupi hadi kwenye hadubini ya elektroni ya volti 100,000: utakupa pikomita 3.88, wakati jibu sahihi ni 3.70. Huko nishati eV huzidishwa kwa (1 + eV/2mc²) ndani ya kipeuo, na mc² ya elektroni ni kilo-elektronivolti 511.

Ukimaliza, shusha volteji kubwa hadi sifuri kwanza, kisha zima hita, na uiache chupa ipoe kwenye kishikio chake kabla ya kuchomoa waya hata mmoja.